Ishara ya nasibu iliyotulia: kutoka uhusiano-nafsi hadi spektra ya nguvu, kwa mfano mmoja hadi mwisho

Lisha kelele kwenye chujio la kipingamizi kimoja na kapasita moja, kisha tazama kinachotoka kwenye osiloskopu. Utaona mstari unaopanda na kushuka bila mpango, na hakuna awezaye kukuambia utakuwa wapi baada ya sekunde moja. Hata hivyo kuna maswali mawili kuhusu mstari huo yenye majibu kamili. La kwanza: thamani ya sasa inaifunga kwa kiasi gani thamani itakayofuata baada ya muda mfupi? La pili: nguvu ya ishara hii imegawanywaje kati ya masafa ya chini na masafa ya juu? Jibu la kwanza huitwa uhusiano-nafsi, la pili huitwa spektra ya nguvu, na ukiwa na moja unaweza kupata lingine kwa hesabu bila kurudi kwenye maabara.

Tutafuata mchakato mmoja tu, tuupige hesabu kwa mkono, tuuzalishe kwenye kompyuta, kisha tuone makadirio yanakosea wapi. Unahitaji kujua wastani na variansi, jumla ya mfululizo wa kijiometri, na kidogo kuhusu badiliko la Fourier. Kwa upande wa programu, Python yenye NumPy inatosha.

Hatua ya 1: Chagua mchakato na uuandike

Mchakato wetu ni huu:

```
x[n] = a·x[n-1] + w[n]
```

Hapa n ni namba ya sampuli. w[n] ni kelele nyeupe: kila sampuli yake ina wastani 0 na variansi 1, na haina uhusiano wowote na sampuli nyingine. Namba a iko kati ya -1 na 1, nasi tutatumia a = 0.8. Kwa maneno mengine, kila thamani mpya ni asilimia 80 ya iliyotangulia, ikiongezewa msukumo mpya wa nasibu.

Mlinganyo huu unatoka moja kwa moja kwenye saketi tuliyoanza nayo. Ukipitisha kelele nyeupe kwenye chujio la kipingamizi R na kapasita C, halafu ukachukua sampuli kila baada ya muda T, uhusiano kati ya sampuli unafuata mlinganyo huohuo, na a = e^(-T/RC). Kipingamizi cha kiloomu 9.53 na kapasita ya mikrofaradi 0.47 hutoa RC ya karibu milisekunde 4.48. Ukichukua sampuli 1000 kwa sekunde, T ni milisekunde 1, na a inatoka 0.80. Shika namba hizi, maana tutazihitaji kuhakiki spektra.

Hatua ya 2: Hakikisha mchakato umetulia

Ishara ya nasibu huhesabiwa kuwa imetulia kwa maana pana ikitimiza masharti mawili, na variansi yake ikiwa na kikomo. Wastani wake uwe uleule wakati wote. Na ukizidisha thamani mbili zilizotenganishwa na pengo la sampuli k, wastani wa zao hilo utegemee k peke yake, usitegemee umeanzia kuhesabu wapi. Zao hilo tunaliandika:

```
R[k] = E[ x[n]·x[n-k] ]
```

Alama E inamaanisha wastani juu ya marudio yote yanayowezekana ya jaribio: fikiria saketi nyingi zinazofanana, kila moja na kelele yake, zote zikipimwa katika sampuli ileile n. Hii R[k] ndiyo uhusiano-nafsi. Kwa pengo 0 inakuwa E[x²], yaani nguvu ya wastani ya ishara.

Wanafunzi wengi hulipita sharti hili haraka, wakichukulia kwamba mlinganyo wenye a isiyobadilika lazima utoe ishara iliyotulia. Jaribu kuanza na x[0] = 0, kama programu nyingi zinavyofanya. Variansi ya x[1] ni 1. Ya x[2] ni 0.64 + 1 = 1.64. Ya x[3] ni 0.64 × 1.64 + 1, karibu 2.05. Variansi inakua kwa kila hatua, hivyo mwanzoni ishara haijatulia. Kwa jumla:

```
Var x[n] = (1 - a^(2n)) / (1 - a²)
```

Inaelekea 1/0.36 = 2.78. Kwenye sampuli ya 10 imebaki pungufu ya karibu asilimia 1 tu, na baada ya hapo tofauti inatoweka haraka. Kwa hiyo mchakato huu umetulia baada ya kupita kipindi cha mwanzo. Tiba ni mojawapo ya mbili: tupa sampuli za mwanzo, au chagua x[0] kwa nasibu yenye variansi 2.78 tangu awali, na ishara itakuwa imetulia kuanzia sampuli ya kwanza.

Kadiri a inavyokaribia 1, kipindi hicho cha mwanzo hurefuka. Kwa a = 0.99 sampuli 10 hazitoshi hata kidogo, utahitaji zaidi ya 200 ili ufikie upungufu uleule wa asilimia 1. Na a ikiwa 1 kamili, variansi inakuwa n, inakua bila kikomo. Hapo hakuna utulivu, hakuna R[k], na spektra yoyote utakayoichora itakuwa picha ya urefu wa rekodi yako kuliko ya ishara yenyewe.

Kuna jambo jingine la kuangalia kabla ya kusonga mbele. Ufafanuzi unazungumzia saketi nyingi, lakini wewe kwa kawaida una rekodi moja. Je, wastani wa muda ndani ya rekodi moja unaweza kuchukua nafasi ya wastani wa saketi nyingi? Si lazima. Chukua ishara x[n] = A, ambapo A ni namba ya nasibu iliyochaguliwa mara moja na kubaki hivyo milele. Wastani wa E haubadiliki, na R[k] ni E[A²] kwa kila k, kwa hiyo ishara hii imetulia. Lakini rekodi moja, hata iwe ndefu ya mwaka mzima, inakuonyesha A moja tu na haikuambii chochote kuhusu nyingine. Mchakato wetu hauna tatizo hilo kwa sababu R[k] yake inashuka kuelekea 0: sampuli zilizo mbali ni kama majaribio mapya. Ukiwa na data halisi, chunguza kama R inazima kweli kabla ya kuamini wastani wa muda.

Hatua ya 3: Tafuta uhusiano-nafsi kwa mkono

Zidisha pande zote mbili za mlinganyo kwa x[n-k], kisha chukua wastani:

```
E[x[n]·x[n-k]] = a·E[x[n-1]·x[n-k]] + E[w[n]·x[n-k]]
```

Upande wa kushoto ni R[k]. Sehemu ya kwanza ya kulia ni a·R[k-1], kwa kuwa pengo kati ya n-1 na n-k ni k-1. Sehemu ya mwisho inahitaji kufikiriwa kidogo. x[n-k] imejengwa na misukumo ya w iliyokwisha kupita, na w[n] ni msukumo wa sasa ambao hauhusiani nayo. Kwa k yoyote kuanzia 1, sehemu hiyo ni 0. Kwa hiyo:

```
R[k] = a·R[k-1],   k = 1, 2, 3, ...
```

Kilichobaki ni kupata R[0]. Weka k = 0. Sasa w[n] imo ndani ya x[n], na wastani wa zao lao ni 1. Tunapata R[0] = a·R[1] + 1, na kwa kuwa R[1] = a·R[0], inatoka R[0] = 1/(1 - a²). Ni 2.78 ileile tuliyoifikia kwa njia ya variansi. Jibu kamili:

```
R[k] = a^|k| / (1 - a²)
```

Alama ya thamani halisi kwenye k ipo kwa sababu kuzidisha x[n] kwa x[n-k] ni sawa na kuzidisha x[n-k] kwa x[n], hivyo R ni ileile kushoto na kulia. Kwa a = 0.8, R[1] ni 2.22, R[2] ni 1.78, R[3] ni 1.42, na R[10] imeshuka hadi 0.30. Ukigawanya kila moja kwa R[0] unabaki na 0.8, 0.64, 0.512 na kuendelea.

Kama a ingekuwa -0.8, ukubwa ungekuwa uleule lakini alama zingepishana, chanya kisha hasi. Ishara ya namna hiyo hugeuka upande karibu kila sampuli, na nguvu zake zinakaa kwenye masafa ya juu.

Hatua ya 4: Vuka kutoka R hadi spektra

Hapa ndipo kiini cha somo kilipo, na nashauri usikubali kanuni hii, kwamba spektra ya nguvu ni badiliko la Fourier la uhusiano-nafsi, kwa kuambiwa tu. Norbert Wiener aliishughulikia mwaka 1930, Aleksandr Khinchin akaiandika kwa michakato ya nasibu mwaka 1934, na ndiyo maana inabeba majina yao mawili. Einstein naye alikuwa amegusa wazo hilo katika andiko fupi la mwaka 1914. Lakini uti wa mgongo wake ni hesabu ya kuhesabu jozi tu.

Tatizo la awali ni kwamba huwezi kuchukua badiliko la Fourier la ishara nzima, kwa sababu ishara iliyotulia haina mwisho na haizimi, hivyo jumla yake haifikii kikomo. Basi kata kipande cha sampuli N, chukua badiliko lake X(ω), pata mraba wa ukubwa wake na ugawanye kwa N. Kitu hicho huitwa periodogramu. Mraba wa ukubwa ni X mara mwenzake changamano, na ukiuzidisha unapata jumla ya mazao yote x[n]·x[m], kila zao likiwa limezidishwa kwa e^(-jω(n-m)).

Sasa chukua wastani. Kila x[n]·x[m] inageuka kuwa R[n-m], kwa sababu ishara imetulia. Hapa ndipo utulivu unapofanya kazi yake: bila huo, kila jozi ingebaki na thamani yake na kusingekuwa na namna ya kuzikusanya. Pamoja nao, jozi zote zenye pengo k zina thamani moja, na linalobaki ni kuuliza jozi hizo ni ngapi. Katika kipande cha sampuli N, jozi zenye pengo k ni N - |k|. Ukigawanya kwa N:

```
E[periodogramu] = jumla ya (1 - |k|/N)·R[k]·e^(-jωk)
                  kwa k kutoka -(N-1) hadi N-1
```

Acha N ikue. Kizito (1 - |k|/N) kinaelekea 1 kwa kila k, na mradi R[k] inazima haraka kiasi cha jumla ya ukubwa wake kuwa na kikomo, unabaki na:

```
S(ω) = jumla ya R[k]·e^(-jωk), kwa k zote
```

Hiyo ndiyo spektra ya nguvu. Ni badiliko la Fourier la uhusiano-nafsi, na tumeipata kama mahali ambapo wastani wa periodogramu unaelekea. Usikisahau kile kizito cha (1 - |k|/N), maana kitarudi kutusumbua tutakapokata rekodi vipande vipande.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya S kwa mchakato wetu

Weka R[k] = a^|k|/(1 - a²) ndani ya jumla. Upande wa k chanya ni mfululizo wa kijiometri, upande wa k hasi ni mwingine, na k = 0 inahesabiwa mara moja. Ukijumlisha na kurahisisha, zile (1 - a²) zinafutana:

```
S(ω) = 1 / (1 - 2a·cos ω + a²)
```

Njia ya pili ya kuhakiki ni kuuona mchakato kama chujio. Kelele nyeupe ina spektra bapa yenye thamani 1. Chujio letu lina mwitikio 1/(1 - a·e^(-jω)), na mraba wa ukubwa wake ni 1 chini ya 1 - 2a·cos ω + a². Njia mbili, jibu moja.

Sasa namba. Kwenye ω = 0, S ni 1/0.04 = 25. Kwenye ω = π, yaani nusu ya kasi ya sampuli, S ni 1/3.24, karibu 0.309. Uwiano wao ni 81, sawa na desibeli 19. Nguvu inashuka hadi nusu ya kilele pale kosini ya ω inapokuwa 0.975, yaani ω ya karibu radiani 0.224 kwa sampuli. Kwa kasi ya sampuli 1000 kwa sekunde hiyo ni Hezi 35.7. Rudi kwenye saketi: masafa ya nusu nguvu ya chujio lile ni 1/(2πRC), na kwa RC ya milisekunde 4.48 inatoka Hezi 35.5. Tofauti ndogo iliyobaki inatokana na masafa yaliyo juu ya Hezi 500 kujikunja na kuingia chini wakati wa kuchukua sampuli. Karibu na Hezi 500 zenyewe mkunjo huo ni mkubwa zaidi, hivyo pale usitegemee spektra ya sampuli na ya saketi zilingane.

Namba 25 inastahili kutazamwa zaidi. S(0) ni jumla ya R[k] zote: 2.78 mara (1 + 2 × 4), yaani 2.78 × 9. Na S(0) ndiyo inayoamua jinsi wastani wa rekodi unavyoyumba: variansi ya wastani wa sampuli N ni karibu S(0)/N. Kwa sampuli 1000 ni 0.025, mkengeuko sanifu 0.158. Mtu anayesahau uhusiano-nafsi angegawanya 2.78 kwa 1000 na kutangaza mkengeuko wa 0.053, akijiamini mara tatu kuliko inavyostahili. Sampuli zake 1000 zina thamani ya sampuli huru 111 tu. Kosa hili lipo kwenye ripoti nyingi za vipimo kuliko kosa lolote la spektra ninalolijua, na halionekani kwenye grafu.

Hatua ya 6: Zalisha ishara

```python
import numpy as np
rng = np.random.default_rng(7)
a, N, tupa = 0.8, 4096, 200
w = rng.standard_normal(N + tupa)
x = np.zeros(N + tupa)
for n in range(1, N + tupa):
    x[n] = a * x[n-1] + w[n]
x = x[tupa:]
```

Sampuli 200 za mwanzo zinatupwa kwa sababu ya Hatua ya 2. Kabla ya lolote, tazama `np.mean(x**2)`. Inapaswa kuwa karibu 2.78. Ukipata 1 umepima w badala ya x.

Hapa tunajua kwamba wastani wa kweli ni 0. Kwenye data halisi hujui, kwa hiyo ondoa wastani kwanza kwa `x - x.mean()`. Usipouondoa, R haitashuka hadi 0 bali itasimama kwenye mraba wa wastani, na spektra itaota mwiba kwenye masafa 0. Ukishauondoa, usisome thamani ya masafa 0 hasa, kwa kuwa umeifuta wewe mwenyewe. Soma ya jirani.

Hatua ya 7: Kadiria R, na ujue pa kuacha kuisoma

```python
R = np.array([np.dot(x[:N-k], x[k:]) / N
              for k in range(60)])
```

Jozi zenye pengo k ni N - k, nasi tumegawanya kwa N. Kuna wanaogawanya kwa N - k ili wastani wa makadirio uwe sahihi kabisa. Napendelea N. Kwa mapengo mafupi tofauti haionekani, na kwa mapengo marefu kugawanya kwa N - k kunakuza makosa yaliyotokana na jozi chache, hata spektra inayotokana nayo inaweza kuwa hasi mahali fulani, jambo lisilowezekana kwa nguvu. Ukigawanya kwa N, badiliko la R yote uliyokadiria ni sawa kabisa na periodogramu, ambayo haiwi hasi kamwe.

Chora R[k]/R[0]. Mwanzoni itafuata 0.8, 0.64, 0.51 vizuri. Kisha, badala ya kuzima, itaanza kuyumba juu na chini ya 0 kama wimbi la polepole. Hapo wengi husema wamegundua mzunguko uliojificha. Hawajagundua kitu. Kwa mapengo marefu, makadirio ya R[k]/R[0] yana mkengeuko sanifu wa karibu:

```
sqrt( (1 + a²) / (1 - a²) / N )
```

Kwa a = 0.8 na N = 4096 ni 0.033. Kwenye k = 10 thamani ya kweli ni 0.107, bado inaonekana. Kwenye k = 16 ni 0.028, tayari imezama chini ya makosa. Na makosa ya mapengo jirani yenyewe yana uhusiano, ndiyo maana yanachora wimbi laini lenye kudanganya jicho badala ya vumbi. Njia rahisi ya kujiridhisha ni kubadilisha mbegu 7 kuwa nyingine: wimbi la kweli litabaki, la uongo litahama. Kwenye data halisi, gawanya rekodi nusu kwa nusu ulinganishe.

Hatua ya 8: Kadiria S bila kudanganywa na periodogramu

Chukua periodogramu ya sampuli zote 4096 na utaona kichaka cha miiba. Silika inasema ongeza data. Jaribu, na kichaka kitabaki vilevile, kikiwa na miiba mingi zaidi. Sababu ni kwamba kwenye kila masafa periodogramu ina mkengeuko sanifu sawa na S yenyewe, N iwe ndogo au kubwa. Data zaidi inakupa masafa mengi zaidi, haikupi uhakika kwenye masafa yoyote kati ya hayo. Karibu na kilele ambapo S ni 25, periodogramu itakuwa chini ya 2.5 karibu mara 1 katika kila 10, na itazidi 75 mara 1 katika kila 20.

Kumbuka Hatua ya 4: S ni mahali wastani wa periodogramu unapoelekea. Basi tafuta wastani. Kata rekodi vipande 16 vya sampuli 256:

```python
L = 256
v = x.reshape(-1, L)
P = (np.abs(np.fft.fft(v, axis=1))**2 / L).mean(axis=0)
f = np.fft.fftfreq(L)
S = 1 / (1 - 2*a*np.cos(2*np.pi*f) + a**2)
```

Mkengeuko sasa umeshuka hadi robo ya S, kwa kuwa mzizi wa 16 ni 4. Chora P na S pamoja kwa desibeli, na P itazunguka S kwa kipimo kilekile kwenye kilele na kwenye bonde.

Kwa nini usikate vipande 256 vya sampuli 16, ukapata mkengeuko wa 1/16? Kwa sababu ya kile kizito cha (1 - |k|/L). Kwa L = 16 kinapunguza R[k] kwa nguvu katika mapengo ambayo bado yana uzito, na wastani wa kilele unatoka 18.3 badala ya 25. Nguvu iliyotoka kwenye kilele inavujia kwenye bonde: kwenye ω = π unapata takriban 0.39 badala ya 0.309. Hakuna idadi ya vipande itakayorekebisha hilo, maana tatizo liko kwenye urefu wa kipande. Kwa L = 256 kilele ni 24.6 na bonde ni 0.314, makosa ambayo mtikisiko wa asilimia 25 unayafunika.

Utajuaje L inayofaa usipokuwa na S ya kweli? Iongeze maradufu uone. Kilele kikiendelea kupanda kila unaporefusha vipande, bado ulikuwa mfupi. Kikisimama, rudi kwenye L ndogo kuliko zote ambayo kilele kilikuwa kimesimama.

Ukitumia `scipy.signal.welch` badala ya mistari hii, usishtuke kupata namba nyingine. Inatumia dirisha la Hann na vipande vinavyopishana kwa nusu, jambo linalopunguza kuvuja, inaondoa wastani wa kila kipande, na kwa ishara halisi inatoa upande mmoja tu wa masafa, ikiwa imezidisha kwa 2. Karibu na masafa 0 utaona 50, si 25. Ukiiambia `fs=1000`, kila kitu kinagawanywa kwa 1000 kwa sababu sasa kipimo ni kwa kila Hezi, na kilele kinakuwa 0.05. Njia ya kuzipatanisha zote ni moja: eneo lililo chini ya mkunjo lazima liwe R[0]. Zidisha jumla ya thamani kwa upana wa hatua moja ya masafa. Usipopata karibu 2.78, kuna kizidisho kilichopotea, na kwa kawaida ni 2, 2π au kasi ya sampuli.

Hatua ya 9: Jaribu kama mfano wenyewe unafaa

Kwa data uliyopima na si kuizalisha, bado hujui kama mlinganyo wa Hatua ya 1 ndio sahihi. Kadiria a kwa R[1]/R[0]. Kwa N = 4096 kosa lake sanifu ni mzizi wa (1 - a²)/N, hapa 0.0094, hivyo tarajia kitu kati ya 0.78 na 0.82. Kisha toa kile ambacho mfano unaeleza:

```python
a_k = R[1] / R[0]
e = x[1:] - a_k * x[:-1]
```

Kama mfano unafaa, e ni kelele nyeupe. Kokotoa uhusiano-nafsi wake uliogawanywa kwa R[0] yake: kuanzia pengo 1 na kuendelea, karibu thamani zote ziwe ndani ya ±2/√N, yaani ±0.031. Moja au mbili kati ya 40 zikitoka nje kidogo ni kawaida. Pengo la 2 likitoka nje kwa mbali, mchakato unakumbuka zaidi ya sampuli moja nyuma na unahitaji kuongeza x[n-2] kwenye mlinganyo, kama Udny Yule alivyofanya mwaka 1927 kwa mfululizo wa madoa ya jua. Zikitoka nje kwenye pengo 20, 40 na 60 kwa kasi ya sampuli 1000, hiyo ni Hezi 50 ya umeme wa ukutani imeingia kwenye waya zako, na kabla ya kuongeza kipengele chochote kwenye mfano, kagua unganisho la ardhi la kipimo chako.